Somo la Vijana: Barua ya Nia si Fomu ya Basari



Karibu kila mwezi kuna kijana anayeingia ofisini kwetu na bahasha. Ndani mna barua ya kuomba ufadhili wa masomo ya juu, na anataka tuisome kabla hajaituma. Wengi wamesomea uhandisi, ualimu au kilimo, nao wametoka nyumba ambazo karo ilipatikana kwa shida sana. Barua zao hufanana mno, nyingi zina kosa moja, na kosa hilo sisi wenyewe tumewafundisha. Mwezi huu tutajifunza kwa kuangalia barua mbili za kijana mmoja. Ya kwanza ilikataliwa na ya pili ikakubaliwa. Ametupa ruhusa tuzitumie, ila ameomba tusimtaje jina.

Kijana huyu ni mhandisi wa maji. Baba yake alifariki akiwa darasa la sita. Mama yake huuza mboga sokoni hapa kwetu Ukambani, na ndiye aliyemsomesha, kwa mboga, mbuzi na michango ya harambee. Alimaliza shahada mwaka 2019. Mwaka 2020 akaajiriwa na shirika dogo linalohudumia miradi ya maji ya vijiji. Mwaka 2022 aliomba ufadhili wa kwenda Ujerumani kusomea shahada ya pili, akakosa. Mwaka 2023 akaomba tena.

Ni nani anayesoma barua hii?

Ufadhili alioomba unaitwa EPOS, nao hutolewa na DAAD, lile shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi. Umewekwa kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu ambao tayari wako kazini. Masharti yake ya kawaida ni kwamba mwombaji awe amefanya kazi ya taaluma yake miaka miwili au zaidi, na shahada yake ya kwanza isiwe imezidi miaka sita. Hutakiwa pia barua ya mwajiri yenye muhuri. Barua ya mwombaji mwenyewe, ambayo hapa tunaiita barua ya nia, isizidi kurasa mbili, iwe na sahihi yake ya mkono, ihusu kazi anayoifanya sasa, na ieleze kwa nini amechagua kozi ile. Akiomba kozi mbili au tatu, anaandika barua moja tu na kueleza kwa nini amezipanga hivyo, ipi ya kwanza na ipi ya pili. Masharti huweza kubadilishwa, kwa hiyo soma tangazo la mwaka unaoomba, usitegemee la mwaka jana.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni hili. Katika EPOS maombi yanaanzia kwenye kozi yenyewe, kule chuoni. Walimu wa kozi ndio wanaochambua kwanza, kisha wanapeleka majina kwa DAAD. Kwa hiyo msomaji wako wa kwanza ni mwalimu wa uhandisi wa maji. Mbele yake kuna rundo la barua, na anataka kujua kama wewe utaimudu kozi yake na kama utaitumia ukirudi nyumbani.

Sasa linganisha na basari ya kwetu. Mtoto anapotaka basari ya eneo bunge, fomu inauliza wazazi wako hai au wamefariki, wana mapato gani, nyumbani mko watoto wangapi. Chifu anatia sahihi, kasisi anatia sahihi. Fomu ile inapima shida, na anayeonyesha shida kubwa ndiye anayetangulia. Tumejaza fomu hizo tangu watoto wetu wakiwa kidato cha kwanza, na mtoto amejifunza kwamba hivyo ndivyo msaada unavyoombwa.

Barua ya nia hupima kitu kingine. Mwalimu yule wa Ujerumani hagawi pesa kwa kuangalia nani ni maskini zaidi, na atakayechaguliwa atalipiwa sawa na wenzake hata kama baba yake ana duka. Yeye anauliza: umefanya nini na ulichopewa, umekwama wapi, na kozi yangu itakukwamua vipi? Tukumbuke mfano wa talanta. Watumwa wale hawakuulizwa walizaliwa wapi, waliulizwa wamezifanyia nini talanta walizokabidhiwa.

Barua ya kwanza

Barua aliiandika kwa Kiingereza. Sisi tunatoa vipande vyake kwa Kiswahili ili sote tufuatane. Ilianza hivi:

"Nilizaliwa katika familia maskini sana ya watoto saba. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, akamwacha mama bila tegemeo lolote. Mara nyingi tulilala njaa. Nilitembea kilomita nane kwenda shule bila viatu. Pamoja na hayo yote sikukata tamaa, kwa sababu tangu utotoni nilikuwa na ndoto ya kuwa mhandisi."

Maelezo ya namna hiyo yalijaza ukurasa mzima wa kwanza. Ukurasa wa pili ulisema: "Ujerumani ni nchi iliyoendelea na ina teknolojia ya hali ya juu. Chuo chenu kinajulikana duniani kote. Nikipata nafasi hii nitarudi na kumaliza tatizo la maji nchini Kenya. Naomba sana mnifikirie kwa huruma."

Tulimpelekea mwalimu mmoja mstaafu wa parokia yetu, aliyefundisha hesabu na fizikia miaka mingi. Alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mwanangu, haya yote ni kweli?"

"Ni kweli, Mwalimu."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mhandisi wa maji. Nimefanya kazi miaka mitatu."

"Mbona hapa sioni maji? Naona njaa, naona viatu. Maji yako wapi?"

Kijana alinyamaza. Baadaye alitueleza kwamba rafiki yake alikuwa amemshauri aongeze chumvi, aandike kwamba hata mama amefariki, ati ndiyo barua iguse watu. Alikataa. Tulimshukuru kwa kukataa. Kumzika mama kwa karatasi ni dhambi, tena ni ujinga, kwa sababu fomu zingine zinauliza habari za wazazi na uongo ungejitokeza.

Hebu tuone barua ile ilikosea wapi. Ukurasa wa kwanza haukuwa na uongo, lakini kila sentensi yake ingeweza kuandikwa na mtu anayeomba kusomea uuguzi au sheria. Sentensi kuhusu Ujerumani ingeweza kutumwa kwa chuo chochote cha Ujerumani. Na ahadi ya kumaliza tatizo la maji Kenya ilimwonyesha mwalimu wa maji kwamba mwombaji hajalipima tatizo hilo. Jaribu hivi na barua yako mwenyewe: ficha jina lako, badilisha jina la chuo na la taaluma. Sentensi ikisimama vilevile bila kutikisika, ikate.

Maji yalikuwa wapi?

Mwalimu alimwambia aache kuandika kwa wiki moja, aje na daftari lake la kazi. Walikaa chini ya mwembe pale parokiani, nasi tukiwapo, na Mwalimu akamuuliza juu ya mradi mmoja tu. Hii ndiyo hatua wengi huiruka. Kabla ya kuandika barua, chagua kazi moja uliyoifanya kwa mikono yako na uieleze mpaka mwisho.

Kazi aliyochagua ilikuwa mradi wa kijiji kimoja wenye kisima kirefu kilichochimbwa mwaka 2019. Pampu ya sola inapandisha maji kwenye tangi lililo juu ya kilima, na kutoka pale yanateremka kwa bomba hadi kwenye vioski vitatu. Kamati ya maji ililalamika kwamba maji hayatoshi, ikataka kuchimbiwa kisima cha pili. Yeye aliomba kwanza apime.

Aliweka mita ya maji kwenye bomba linalotoka tangini. Kwa siku yalitoka lita 40,000. Kisha akajumlisha vitabu vya mauzo vya vioski vyote vitatu, akakuta mitungi 1,100 ya lita 20, yaani lita 22,000. Lita 18,000 zilikuwa zinapotea njiani kila siku, yaani asilimia 45.

Halafu alikwenda usiku wa manane, vioski vikiwa vimefungwa. Saa hizo mita ya tangini ilipaswa kusimama, lakini ilikuwa inazunguka, lita 10 kila dakika. Akiwa na mlinzi wa pampu, walifunga vali moja moja kuanzia mwisho wa bomba wakirudi kuelekea tangini, huku mtu mwingine akisoma mita. Walipofunga vali ya sehemu iliyovuka lagha, ile lagha ya mchanga, mita ilishuka ghafla ikabaki lita 2. Uvujaji ulikuwa hapo. Mchana walifukua wakakuta viungo viwili vimefunguka na maji yanazama mchangani, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuyaona juu.

Lita 8 kwa dakika ni zaidi ya lita 11,000 kwa siku. Bado sehemu ya maji haikuwa na maelezo, na sehemu hiyo ilitoka mchana tu. Waliifuata wakakuta bomba dogo la bustani lisilo na mita, la mtu mmoja aliyekuwa ndani ya kamati yenyewe. Hilo lilisuluhishwa na wazee.

Baada ya matengenezo, tangini zilikuwa zinatoka lita 36,000 na vioski vinauza lita 30,600. Upotevu ulikuwa umeshuka hadi asilimia 15. Kamati ilikuwa inauza mitungi 430 zaidi kila siku. Kwa shilingi 5 kwa mtungi, hizo ni shilingi 2,150 kwa siku, na kisima cha pili hakikuchimbwa.

Mwalimu alimuuliza: "Haya yote ulikuwa nayo, na ukaandika viatu?"

"Niliona ni kazi ya kawaida, Mwalimu. Nilidhani wao wanataka kitu kikubwa."

Wasomaji wetu, hapa ndipo kijana wa nyumba ya kawaida anapojinyima mwenyewe. Kwa sababu hakufanya kazi kwenye bwawa kubwa wala kampuni kubwa ya Nairobi, anadhani hana la kusema. Mwalimu wa kozi anajua vizuri kwamba mita moja na usiku mmoja wa kufunga vali ni uhandisi kamili, kwa maana umejua cha kupima, umepima, umetengeneza, umepima tena.

Alikwama wapi

Ushindi peke yake hautoshi. Mtu anayejua kila kitu anakwenda chuoni kutafuta nini? Barua lazima ionyeshe mahali ulipofika ukashindwa kuendelea, na mahali hapo pawe ndipo kozi inapoanzia.

Kijana wetu alikuwa napo. Kisima kilipokabidhiwa mwaka 2019, maji yaliyotulia yalikuwa mita 41 kutoka juu ya ardhi. Maji yaliyotulia hupimwa asubuhi, pampu ikiwa imezimwa usiku kucha. Mwaka 2023 alishusha kamba ya kupimia akapata mita 47. Pampu ikifanya kazi maji yalishuka hadi mita 57, na pampu yenyewe imening'inizwa mita 60. Zimebaki mita 3 tu. Maji yakishuka chini ya pampu, itazunguka bila maji na kuungua.

Hadi hapo alielewa. Tena alielewa jambo ambalo si kila fundi analijua. Kama tatizo lingekuwa chujio la kisima kuziba, maji yaliyotulia yangebaki palepale mita 41, na yale ya wakati wa kupampu peke yake ndiyo yangeshuka. Lakini maji yaliyotulia yenyewe yameshuka mita 6. Maana yake maji ya ardhini yamepungua pande zile, na kosa la kisima peke yake halielezi upungufu huo. Ni kwa nini sasa? Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Vilevile, visima vingine viwili vilichimbwa umbali usiofika kilomita moja. Ni ukame, au ni majirani, au vyote viwili, na kila kimoja kimechangia kiasi gani? Ikiwa ni ukame, mvua nzuri itarudisha maji. Ikiwa ni majirani, mvua haitatosha na lazima watu wakubaliane kupampu kwa zamu.

Swali hilo hakuweza kulijibu. Linahitaji elimu ya mwendo wa maji ya ardhini na kuuiga mwendo huo kwa kompyuta, na shahada yake ya kwanza ilimgusia tu. Akatafuta kozi inayofundisha hilo, akaipata Chuo Kikuu cha Stuttgart. Ni kozi ya miaka miwili ya uhandisi na usimamizi wa rasilimali za maji iitwayo WAREM, inayofundishwa kwa Kiingereza. Mwaka wa kwanza alikuwa amechagua Ujerumani kwanza, chuo kikafuata. Mwaka wa pili alianza na swali lake, na swali likamchagulia chuo.

Barua ya pili

Ilikuwa na aya nne, na ukurasa mmoja na nusu ulitosha. Aya ya kwanza ilianza hivi:

"Mimi ni mhandisi mhitimu, ninayehudumia miradi kumi na mmoja ya maji ya vijiji mashariki mwa Kenya. Mwaka 2023 nilikuta mmoja wao ukipoteza asilimia 45 ya maji yake. Kwa kupima usiku na kufunga vali sehemu moja baada ya nyingine, tulishusha upotevu hadi asilimia 15. Lakini kisima hicho kina tatizo la pili ambalo sijaweza kulieleza, na ndilo linalonileta kwenu."

Tazama neno "mhitimu". Kwa sheria ya wahandisi ya Kenya ya mwaka 2011, aliyesajiliwa kama mhandisi mhitimu bado hajawa mhandisi wa taaluma kamili. Mwaka wa kwanza alikuwa ametia cheo cha "Eng." mbele ya jina lake, na barua ya mwajiri ikamwita mhitimu. Karatasi mbili za mtu mmoja zikipingana, msomaji hujiuliza ni kipi kingine kisicho sawa. Kwa hiyo weka barua ya nia, barua ya mwajiri na historia yako ya kazi mezani kwa pamoja, na ulinganishe vyeo, miezi na miaka.

Aya ya pili ilieleza vile vipimo vya kisima, mita 41 na mita 47, na swali lililobaki. Aya ya tatu ilitaja masomo ya kozi yatakayomsaidia, maji ya ardhini na kuiga mifumo ya maji kwa kompyuta, na kila somo likafungwa kwenye swali lake. Hakusifu chuo hata kwa neno moja.

Aya ya nne ilikuwa ya kurudi nyumbani. Badala ya kumaliza tatizo la maji nchini, aliandika hivi:

"Tangu Katiba ya 2010 huduma ya maji ni jukumu la kaunti, na chini ya Sheria ya Maji ya 2016 kibali cha kutumia maji ya kisima hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Lakini miradi ninayoihudumia haina kumbukumbu za vina vya maji ambazo mtu angetumia kukadiria ni kiasi gani kipampiwe. Nikirudi nitaanza na visima hivi kumi na kimoja, vipimwe kila mwezi, na niandae makadirio ambayo kamati na mamlaka wanaweza kuyatumia. Mwajiri wangu amekubali kunirudisha kazini, kama barua yake inavyoeleza."

Ahadi hii ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini mtu anaweza kuja kuikagua.

Na umaskini je, uliachwa?

Mama mmoja alituuliza hivyo tulipolisoma somo hili katika kikundi. Alisema, "Kwa hivyo mtoto amuonee aibu mama yake wa mboga?" Swali lake ni zuri, na jibu ni hapana. Nyumbani kwao kulitajwa, katika sentensi tatu mwishoni mwa aya ya kwanza:

"Alama zangu za mwaka wa pili chuoni ni za chini kuliko za miaka mingine. Mwaka huo nilifanya kibarua cha mjengo usiku kwa miezi saba ili nilipe karo, kwa kuwa mama yangu, muuza mboga, alikuwa akisomesha wadogo zangu wanne. Kuanzia mwaka wa tatu nilipata mkopo wa serikali, nikaacha kibarua, na alama zikapanda kama mnavyoona."

Hapo umaskini umefanya kazi. Mwalimu wa kozi anapofungua karatasi ya alama ataona shimo mwaka wa pili, na atataka maelezo. Barua inampa maelezo ambayo anaweza kuyahakikisha kwenye karatasi ileile. Mama ametajwa kwa heshima, bila kuombewa huruma, na msomaji amejua mwombaji ni mtu wa namna gani bila kuambiwa "mimi ni mvumilivu".

Kanuni tunayowaachia ni hii: taja shida ya nyumbani mahali ambapo inaeleza jambo ambalo msomaji ataliona kwenye karatasi zako au kazini kwako, kama vile alama zilizoshuka, mwaka uliokaa nje, au kuchelewa kuanza chuo. Inaweza pia kueleza ujuzi, kama kijana aliyejua bei ya mtungi wa maji kwa sababu aliubeba. Ikiwa haielezi lolote, iache nyumbani. Haitapotea, Mungu anaijua.

Baada ya hapo

Alikubaliwa, akaondoka mwaka 2024. Hatusemi barua ndiyo iliyompa nafasi peke yake, maana alama zake na miaka yake ya kazi vilihesabiwa pia, na wapo walioandika vizuri wakakosa kwa kuwa nafasi ni chache. Tunachosema ni kwamba barua ya kwanza ilimficha, na ya pili ikamwonyesha alivyo.

Kuna faida nyingine ambayo hatukuitarajia. Ili aandike ile aya ya pili, ilibidi apime kisima kile upya, na mlinzi wa pampu alimwona akifanya hivyo. Kijana alipoondoka alimwachia mlinzi kamba ya kupimia na daftari la kurasa 96. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla ya kuwasha pampu, mlinzi anashusha kamba na kuandika. Mama wa mboga naye huchota kwenye kioski cha tatu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Fomu ya basari inauliza nini, na barua ya nia inauliza nini? Tajeni tofauti mbili.

2. Kwa nini kijana aliandika juu ya viatu na kuacha mita ya maji? Je, sisi wazazi tulichangia?

3. Rafiki alimshauri aseme mama amefariki. Ungemjibu nini rafiki huyo?

Kazi ya nyumbani kwa kijana anayetaka kuomba

Usianze na barua. Chukua daftari, chagua kazi moja uliyoifanya mwenyewe, na uandike mambo manne: hali uliyoikuta, kwa namba, ulichofanya, hatua kwa hatua, hali uliyoiacha, kwa namba, na swali ulilobaki nalo bila jibu. Ukiyajaza hayo manne, yalete ofisini pamoja na tangazo la ufadhili, tutakaa nawe. Ukikosa la nne, rudi kazini ukaangalie tena.